Mapigo ya moyo ya asubuhi: kwa nini namba zako hazikubaliani

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa kali, binti mmoja kutoka upande wa Uyole aliniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Mama yake ana miaka 61 na anatumia dawa ya presha. Kliniki walimwambia binti awe anamhesabia mama mapigo ya moyo kila asubuhi, lakini hakuna aliyekaa naye kumwonyesha namna. Kwenye karatasi kulikuwa na namba nne za siku nne: 92, 72, 88, 76.

"Shikamoo nesi. Moyo wa mama unapanda na kushuka, nimeogopa."

"Marahaba mwanangu. Ulihesabu kwa sekunde ngapi?"

"Kumi na tano, halafu nikazidisha kwa nne."

Nilishahisi hivyo kabla hajajibu, kwa sababu namba zote nne zinagawanyika kwa nne. Ukiona karatasi ya namna hiyo, anza kuchunguza njia ya kuhesabu kabla hujauchunguza moyo. Nitazipitia shida moja moja jinsi zinavyojitokeza, na karatasi ile tutairudia, maana baadaye iliandikwa namba moja iliyotustua sote.

"Sipati mapigo kabisa"

Mara nyingi vidole viko mahali pasipo penyewe. Mlaze mtu au mkalishe, kiganja kitazame juu, mkono mzima uegemee kitu, na kifundo kilegee. Anzia kwenye shina la kidole gumba chake, shuka kuelekea kwenye kiwiko mpaka uvuke mikunjo ya ngozi ya kifundo. Utagusa mfupa mgumu upande huo wa kidole gumba. Sasa sogeza vidole kidogo kuelekea katikati ya mkono. Kabla hujaifikia ile kamba ngumu inayosimama mtu akikunja kifundo, kuna kibonde kidogo laini. Mshipa umepita humo.

Tumia kidole cha shahada na cha kati, ukipenda ongeza cha pete. Vilaze vidole kwa ncha zake laini, usichomeke kucha. Kisha bonyeza mpaka usikie mfupa chini, halafu anza kulegeza polepole sana. Wengi hukosea hapa kwa sababu hubonyeza tu na kungoja. Ukikandamiza sana unaufunga mshipa wenyewe, damu haipiti na hakuna kitakachogonga. Ukigusa juu juu, ngozi inalizuia pigo lisikufikie. Katikati ya hapo, wakati unalegeza, pigo hujitokeza lenyewe na kukugonga kidoleni. Likishajitokeza usisogeze tena mkono.

Huku kwetu kuna sababu ya pili, nayo ni baridi. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete na Njombe ziko juu zaidi. Asubuhi ya Juni au Julai mishipa ya mkono ulioachwa nje ya blanketi inasinyaa, pigo linakuwa dogo. Wakati huohuo vidole vyako wewe unayehesabu vimekufa ganzi. Hapo moyo hauna tatizo lolote. Weka vidole vyako kwapani dakika mbili tatu, au vichovye kwenye maji ya uvuguvugu na kuvikausha, na mkono wa mgonjwa uache ndani ya blanketi mpaka dakika ya mwisho. Mtu aliyeshika jembe maisha yake yote naye ncha za vidole vyake zimeota sugu na hazisikii vizuri. Kazi hiyo mpe kijana wa nyumbani.

Bado hupati? Jaribu mkono wa pili. Wapo watu wachache ambao mshipa wao kwenye mkono mmoja umepita kando, karibu na mgongo wa mkono, ukiutafuta mahali pa kawaida haupo. Sipendi watu wakimbilie shingoni, hasa kwa wazee. Kubonyeza mshipa wa shingo kunaweza kuupunguza moyo kasi ghafla mpaka mtu akaanguka.

Ila kama mtu mwenyewe ni mweupe midomo, ana jasho la baridi, amechanganyikiwa au hajibu vizuri, na pigo la kifundoni halipatikani, usiendelee kutafuta. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

"Napata mapigo, lakini wawili tukihesabu hatukubaliani"

Kwanza tazama nani ametumia kidole gumba. Kidole gumba kina mshipa wenye pigo lake, na ukikibana juu ya mkono wa mwenzako unaweza kuhesabu moyo wako ukadhani ni wake. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kidole gumba chako taratibu kwenye ukingo wa meza. Wengi watasikia kikigonga. Mhesabuji aliyetoka kupanda kilima anaweza kuwa na 95 huku mgonjwa aliyelala ana 68, na karatasi ikaandikwa 95.

Pili ni lile kosa la binti yetu. Aliposikia pigo la kwanza alibonyeza saa ya simu ianze na papo hapo akasema "moja". Inaonekana sawa, lakini si sawa. Unachopima ni nafasi kati ya pigo na pigo, na lile pigo lililoanzisha saa halijamaliza nafasi yoyote. Hilo ni sifuri. Linalofuata ndilo moja. Ukihesabu dakika nzima, kosa hili linakuongezea pigo moja tu, halina madhara. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, linakuongezea manne kila siku. Mama mwenye mapigo 68 hupiga mara 17 kwa sekunde 15. Binti alihesabu 18, akaandika 72. Hakukosea hesabu, alikosea pa kuanzia.

Kuzidisha huko kunakuza pia kusitasita kokote. Ukipitiwa na pigo moja kwa sababu jogoo amewika, karatasi inapotea kwa manne. Kwa hiyo kwa mapigo ya nyumbani mimi husema dakika nzima. Sekunde 30 mara mbili zinafaa kama pigo linakwenda sawasawa na mgonjwa ni mtulivu. Sekunde 15 waachie watu wa dharura, ambao wanahitaji kujua haraka kama ni 60 au 140, si kama ni 68 au 72.

Saa yoyote inayoonyesha sekunde inatosha, hata ya simu ya kitochi. Iweke mahali unapoiona bila kugeuza shingo, na usihesabu kwa sauti mbele ya mgonjwa. Akikusikia umefika 80 ataanza kuhesabu na wewe, na moyo wake utajibu.

"Nahesabu vizuri, lakini kila siku namba ni nyingine"

Hapa ndipo karatasi zilizo nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tunaposema mapigo ya mapumziko tunamaanisha moyo ambao haujaombwa kazi yoyote. Si moyo wa mtu aliyekaa tu kwenye kochi. Aliyekaa kwenye kochi dakika moja baada ya kuteremsha ndoo ya maji bado moyo wake uko kisimani.

Nilimuuliza binti siku ile ya 92 ilikuwaje. Mama alikuwa ametoka kukamua ng'ombe, amepanda ngazi za udongo na ndoo mkononi, akakaa, akahesabiwa. Siku ya 88 alikuwa ameshakunywa chai ya rangi vikombe viwili na jirani alikuwa amekuja na habari za msiba. Siku ya 72 na 76 alihesabiwa akiwa bado kitandani. Ondoa yale manne ya kuzidisha, unapata 88, 68, 84, 72. Karatasi sasa inasoma hivi: kitandani 68 na 72, baada ya kazi na chai 88 na 84. Moyo wa mama haukuwa unapanda na kushuka. Ulikuwa unafanya kile moyo unachotakiwa kufanya.

Wakati mzuri kuliko wote ni mtu anapoamka, kabla hajainuka, mgongo bado uko kwenye godoro. Usimwamshe kwa kumstua halafu ukamshika mkono. Mtu aliyeshtuliwa na kengele ya simu mpe dakika chache, pumzi itulie. Akiwa amebanwa na haja ndogo aende kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho kinausukuma moyo. Akirudi alale tena dakika tano kamili, ndipo uhesabu. Mambo mengine yote yangoje: chai, kahawa, sigara au ugoro, kusoma ujumbe kwenye simu, kugombeza watoto wanaochelewa shule. Dawa ya asubuhi nayo ingoje, au kama imekuwa ikinywewa kabla ya kuhesabu, iwe hivyo kila siku. Cha msingi ni kutochanganya.

Mkao nao usichanganywe. Mtu yuleyule akilala, akikaa na akisimama ana namba tatu. Kusimama peke yake kunaweza kuongeza mapigo kumi au zaidi. Kama umechagua kulala, iwe kulala siku zote.

Ukishindwa kupata asubuhi, mathalani mtu anaingia zamu ya usiku, kuna nafasi ya pili. Akae akiegemea, miguu chini, asiongee, kwa dakika tano hadi kumi, na iwe imepita angalau nusu saa tangu chai, sigara au kazi ya nguvu. Namba hiyo andika pembeni "mchana, kakaa". Usiipange kwenye mstari mmoja na za kitandani.

"Nimefuata yote hayo, na bado asubuhi ya leo iko juu"

Sasa namba imeanza kuwa na maana, na ndiyo sababu ya kuhangaika na yote ya juu. Binti alirudi nyumbani akahesabu upya, mama kalala, dakika nzima, akianza na sifuri. Alipata 69, 70, 68, 71, 70. Siku ya sita akapata 88.

Ile 92 ya mwanzo ilikuwa kubwa kuliko hii, na haikuwa na habari yoyote ndani yake. Hii 88 ilikuwa imezidi desturi ya mama kwa mapigo 18, katika kitanda kilekile, saa ileile. Binti alirudia baada ya dakika kumi, akapata 90. Akamuuliza mama anajisikiaje. Kichwa kizito tangu alipofumbua macho, kama kimebanwa kwa kamba. Mjukuu aliyelala chumba hicho alikuwa ametapika alfajiri na hakutaka kuinuka.

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na jiko la mkaa. Usiku ulikuwa wa baridi sana, wakaliingiza ndani likiwa na moto, dirisha wakalifunga, na upenyo wa chini ya mlango wakauziba kwa kitambaa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Hewa hiyo inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu, na moyo unakimbia kujaribu kufidia. Binti alifungua mlango, akawatoa wote wawili nje, wakapelekwa hospitali wakawekewa oksijeni. Baada ya siku mbili mama alikuwa na 71. Niongeze hapa kwa wahudumu wenzangu: kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa kwa mtu mwenye sumu hii, kwa sababu hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Uliza kuhusu jiko, usitosheke na kioo cha kifaa.

Kwa kawaida sababu ni nyepesi kuliko hiyo. Homa ndiyo ya kwanza kuitafuta: kila nyuzi moja ya joto inaongeza takriban mapigo kumi, na pengine mapigo yakapanda mtu kabla hajasema anaumwa. Pima joto, kisha nenda kapime malaria badala ya kukisia. Kuharisha au kutokunywa maji ya kutosha kunapandisha. Vilevile usiku wa kukosa usingizi, na pombe. Msimu wa ulanzi, Iringa na Njombe, mtu aliyekunywa jioni anaamka na moyo ulio juu ingawa hajainua hata kijiko. Siku hiyo andika "ulanzi jana" na usonge mbele. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, inapandisha. Mimba nayo inapandisha mapigo kumi hadi ishirini, na hiyo ni kawaida yake.

Mgeni aliyepanda juzi kutoka Dar es Salaam anaweza kuwa na mapigo yaliyozidi kidogo kwa siku za mwanzo, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Kwa Mbeya mjini ongezeko ni dogo; akienda kulala Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, atalisikia zaidi.

Kama hakuna lolote kati ya hayo na namba inabaki juu kwa siku tatu nne mfululizo, peleka karatasi kwenye kituo cha afya. Wataangalia upungufu wa damu, na kama kuna uvimbe shingoni, mikono inatetemeka na mtu anakonda huku anakula, wataangalia tezi.

"Mapigo yanaruka, hayaendi kwa mpangilio"

Usihesabu kwanza. Sikiliza tu kwa nusu dakika huku ukigonga meza kwa kidole cha mkono mwingine kufuata pigo. Masikio yako yatakuambia ni mruko wa aina gani. Kama mapigo yanakimbia kidogo mtu anapovuta pumzi na kulegea anapoitoa, na hasa kama ni kijana, huo ni mwendo wa kawaida wa moyo wenye afya. Kama ni mwendo mzuri unaokatwa na pengo moja, halafu pigo moja zito, kisha mwendo unaendelea, hilo linawapata watu wengi wasio na ugonjwa. Likizidi au likija na kizunguzungu, akaonwe.

Aina ya tatu ndiyo inayonifanya nimshike mtu mkono nimpeleke mwenyewe: mapigo hayana mpangilio wowote, moja karibu, moja mbali, moja kubwa, moja halifiki, na hayarudii mtindo. Kwa mtu mzima, zaidi mwenye presha, hali hii inaweza kufanya damu igande ndani ya moyo na kipande kikaenda kwenye ubongo kuleta kiharusi. Mtu huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo hata kama hajisikii vibaya. Hesabu dakika nzima, mara mbili, na ujue kwamba namba ya kifundoni hapa ni pungufu. Mapigo dhaifu ya moyo hayana nguvu ya kufika mkononi. Nesi akisikiliza kifuani kwa kifaa chake anaweza kupata 110 wakati wewe umepata 86, na wote wawili mko sahihi. Mashine ya presha ya duka la dawa nayo hukosea kwa mtu wa namna hii.

"Namba ni ndogo" na "namba ni kubwa": lini niondoke nyumbani

Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Mkimbiaji, au mkulima kijana anayepanda milima kila siku, anaweza kuwa na 50 na akawa mzima wa afya. Anayetumia atenolol, bisoprolol au propranolol atakuwa chini kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Asiiache mwenyewe ghafla akiona 55, moyo unaweza kurudi kwa fujo. Akifika chini ya 50 na anasikia kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au amezimia, aende siku hiyohiyo.

Upande wa juu, ukipata zaidi ya 100 kwa mtu aliyelala, mwache dakika 15 na urudie. Ikibaki hivyo, aonwe siku hiyo. Ikija pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kubana au kuzimia, msingoje kurudia kuhesabu, tafuteni usafiri.

Watoto msiwapime kwa vipimo hivi. Mtoto mchanga mwenye 140 akiwa ametulia yuko kawaida.

Jambo moja linanisumbua kila wiki. Mtu anasikia moyo unadunda, anahesabu 96, anasema "presha imepanda", anameza kidonge cha ziada. Mapigo si presha. Mapigo ni mara ngapi moyo unagonga kwa dakika. Presha ni nguvu ya damu ukutani mwa mshipa, na vidole haviwezi kuisoma. Nimewaona wenye 66 nzuri kabisa na presha ya kutisha, na nimewaona wenye 120 ambao presha yao ilikuwa imeshuka kwa kupoteza maji. Mmoja wa hao wa 120 alikuwa amemeza kidonge cha ziada, na ndiye tuliyemwekea dripu.

Karatasi ya kupeleka kliniki haihitaji mapambo. Ya binti yule, kwa sasa, kila mstari uko hivi: "Jumanne, saa 12 na dakika 10 asubuhi, kalala, kabla ya chai na dawa, dakika nzima, 70, sawasawa." Pale penye 88 ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "jiko ndani."